Muhtasari wa shauri: Julius Ishengoma Francis Ndyanabo dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali

Mahakama ya Rufani ya Tanzania, Rufaa ya Madai Na. 64 ya 2001. [2004] TLR 14. Samatta (Jaji Mkuu), Kisanga na Lugakingira, Majaji wa Rufani.

Mambo yaliyotokea

Mrufani aligombea ubunge katika uchaguzi mkuu wa mwaka 2000, akashindwa, akafungua shauri la kupinga matokeo. Kifungu cha 111(2) cha Sheria ya Uchaguzi, 1985, kilimkataza Msajili kupanga tarehe ya kusikilizwa kabla mlalamikaji hajaweka mahakamani shilingi milioni 5 kama dhamana ya gharama. Fedha hiyo hakuiweka. Jalada lipo masjala, shauri limesajiliwa, lakini tarehe haipangwi na hakuna jaji anayelifungua. Akaenda Mahakama Kuu kupinga kifungu chenyewe. Akashindwa, ndipo akakata rufaa.

Hoja

Je, kifungu cha 111(2) kinakiuka haki ya kuifikia mahakama na kusikilizwa inayolindwa na Ibara ya 13 ya Katiba?

Uamuzi

Ndiyo. Kifungu ni batili kwa kukiuka Katiba. Rufaa ilikubaliwa.

Sababu

Jaji Mkuu Samatta alianza na namna ya kuisoma Katiba: ni chombo kilicho hai, chenye roho na utambuzi wake, kwa hiyo masharti ya haki za msingi yasisomwe kwa ufinyu. Papo hapo, sheria iliyotungwa na Bunge huchukuliwa kuwa halali mpaka kinyume chake kithibitishwe, na anayeipinga ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Ila upande unaotetea sheria ukijificha nyuma ya ibara inayoruhusu haki kuwekewa mipaka, mzigo unauhamia.

Hapo ndipo naona uzito wote wa hukumu hii. Serikali haikuachiwa kusema tu kwamba dhamana inazuia mashauri ya ovyo na kulinda gharama za wajibu maombi. Ilipaswa kuonyesha kwamba kikwazo kinalingana na lengo, na haikuweza. Kiwango kilikuwa kimoja kwa wote, mwenye nacho na asiye nacho, mwenye hoja nzito na mwenye hoja hewa, na mahakama haikuachiwa nafasi ya kupima hali ya mlalamikaji. Wavu wa namna hiyo unamnasa hata yule ambaye sheria haikumlenga. Kuifikia mahakama ni miongoni mwa haki kuu katika jamii ya kidemokrasia, haiwezi kuning'inizwa kwenye uwezo wa mfuko.

Tusiichukue hukumu hii kama inapiga marufuku dhamana ya gharama. Baadaye sheria ilirekebishwa: milioni 5 ikawa ukomo kwa kila mjibu maombi, na mlalamikaji akaweza kuiomba mahakama ipange kiasi.