Barua ya Mwajiri Kuunga Mkono Ombi la Kuhuisha Kibali cha Kazi

KAMPUNI YA VIZIMBA IGOMBE
Igombe, Wilaya ya Ilemela, Mwanza

Kumb. Na. KVI/UT/KZ/07/2026
12 Februari 2026

Kamishna wa Kazi,
Ofisi ya Waziri Mkuu,
DODOMA.

Kupitia: Afisa Kazi Mfawidhi, Mkoa wa Mwanza

Ndugu Kamishna,

YAH: KUHUISHA KIBALI CHA KAZI DARAJA C CHA BW. HISHAM FATHI MANSOUR, RAIA WA MISRI, MENEJA WA KITOTOLESHI

Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu. Kibali cha Bw. Mansour kilitolewa kwa miaka miwili kuanzia 1 Aprili 2024 na kitakwisha 31 Machi 2026. Tunaomba kihuishwe kwa miezi 24, kwa kazi ileile, mwajiri yuleyule na kituo kilekile cha Igombe.

Kampuni yetu inafuga sato katika vizimba ndani ya Ghuba ya Mwanza na kuzalisha vifaranga katika kitotoleshi kilichopo ufukweni Igombe. Tuna wafanyakazi 46, na Bw. Mansour ndiye mgeni pekee. Nusu ya vifaranga tunavyozalisha huingia kwenye vizimba vyetu, vilivyobaki tunawauzia wafugaji. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka jana, wateja wa Sengerema na Geita wanafika wenyewe na kuondoka na vifaranga kwenye mifuko ya oksijeni bila hofu ya kukwama kwenye foleni ya kivuko. Tunalitaja hili kwa sababu kitotoleshi kikiyumba, hasara haiishii kwetu. Mfugaji aliyechukua mkopo akanunua mbegu mbaya hugundua baada ya miezi kadhaa ya kulisha, na wakati huo hana la kufanya.

Bw. Mansour anasimamia uzalishaji wote wa vifaranga: uteuzi wa samaki wazazi, ukusanyaji wa mayai, uatamishaji, na ulishaji wa vifaranga hadi vinapofikia uzito wa kuuzwa. Sato jike hubeba mayai mdomoni. Kila wiki wafanyakazi huyatoa kwa mkono na kuyaweka kwenye mitungi ambayo maji yake huzunguka muda wote. Kazi hiyo vijana wetu wanaiweza sasa, na baadhi yao wanamshinda mwalimu wao kwa wepesi. Kuzalisha vifaranga dume pia wanakuweza. Tunahitaji madume kwa sababu majike na madume wakichanganyika kizimbani huanza kuzaana, chakula kikaishia kwenye uzazi na samaki wakabaki wadogo.

Kilichobaki ni usimamizi wa ukoo wa wazazi, na hicho ndicho kiini cha ombi hili. Kila mzazi ana namba iliyowekwa chini ya ngozi, na katika daftari la wazazi imeandikwa alizaliwa na nani, alikua kwa kasi gani na vifaranga wake walifanyaje. Uamuzi wa nani azae na nani ukikosewa, ndugu huzaana na mbegu hudhoofu polepole pasipo mtu kuona. Somo hili haliishi kwa kozi ya wiki mbili. Sato huhitaji miezi sita hadi minane kukomaa na kupimwa, hivyo miezi 24 ni vizazi vitatu hivi. Mrithi anapaswa kusimamia kizazi cha kwanza akiwa na mwalimu, cha pili akiamua mwenyewe huku akikaguliwa, na cha tatu akiwa peke yake.

Ofisi yako ina haki ya kuuliza kwa nini mpango wa urithishaji nafasi tuliouwasilisha mwaka 2024 haujakamilika. Ulikuwa na warithi wawili. Mmoja aliajiriwa serikalini Juni 2025 akiwa katikati ya mafunzo. Hatumlaumu, maana ajira ya serikali ina uhakika ambao kampuni changa kama yetu haiwezi kushindana nao. Wa pili, Bw. Kulwa Masanja, mhitimu wa chuo cha uvuvi cha FETA Nyegezi, yupo, na tangu Novemba anaandika daftari la wazazi kwa mkono wake. Nafasi iliyoachwa wazi imechukuliwa na Bi. Rehema Magesa, naye mhitimu wa FETA. Desemba 2025 tuliitangaza pia nafasi ya Meneja wa Kitotoleshi. Watanzania kumi na mmoja waliomba, na tuliwasaili wanne. Wote wamewahi kulea vifaranga. Hakuna aliyewahi kusimamia ukoo wa wazazi. Taarifa ya usaili imeambatishwa.

Mshahara wa Bw. Mansour ni Sh. 6,500,000 ghafi kwa mwezi, unaolipwa kwa shilingi katika akaunti yake iliyopo Mwanza. Hakuna sehemu ya malipo inayolipwa nje ya nchi. Anakatwa Sh. 650,000 za NSSF na Sh. 1,583,000 za PAYE, hivyo anapokea Sh. 4,267,000. Kampuni inachangia NSSF Sh. 650,000 nyingine, pamoja na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi na tozo ya kuendeleza ujuzi. Hana posho ya nyumba; kodi ya nyumba anajilipia. Tunamkatia bima ya afya na kumpa siku 28 za likizo kwa mwaka, na kampuni humlipia tiketi ya kwenda Cairo na kurudi mara moja kwa mwaka.

Iwapo kibali kitahuishwa, kampuni inaahidi kwamba ifikapo 31 Machi 2027 Bw. Masanja atathibitishwa kuwa Meneja Msaidizi, na kwamba kuanzia Oktoba 2027 atakaimu umeneja, Bw. Mansour akibaki mshauri wake hadi kibali kiishe. Mshahara wa cheo hicho hautashushwa kwa sababu mwenye nafasi ni Mtanzania. Tunaandika hili waziwazi, kwa kuwa mrithi anayeahidiwa cheo bila malipo yake huondoka, na sisi tumekwisha kuonja kupoteza mmoja. Kila miezi sita tutawasilisha kwa Afisa Kazi, Mwanza, taarifa ya maendeleo ya warithi wote wawili iliyosainiwa na wao wenyewe, si na mwalimu wao peke yake.

Bw. Mansour hatafanya kazi nyingine wala kwa mwajiri mwingine. Ajira yake ikikoma kabla ya muda, tutaitaarifu ofisi yako mara moja, tutarejesha kibali na kugharamia safari yake ya kurudi kwao. Akimaliza miezi 24 inayoombwa atakuwa amefikisha miaka minne nchini chini ya kibali cha kazi. Hatutaomba muda zaidi ya huo. Ombi la kibali cha ukaazi litapelekwa Idara ya Uhamiaji kwa utaratibu wake.

Tumeambatisha mkataba mpya wa ajira, nakala za pasipoti na kibali cha sasa, vyeti na wasifu wake, mpango wa urithishaji uliohuishwa, leseni ya biashara, uthibitisho wa ulipaji kodi kutoka TRA na risiti za michango ya NSSF. Afisa atakayependa kukagua kitotoleshi anakaribishwa siku yoyote ya kazi. Jumanne asubuhi ndipo mayai hukusanywa, na daftari la wazazi huwa wazi mezani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Neema Masalu Bulugu
Mkurugenzi Mtendaji

Nakala: Bw. Hisham Fathi Mansour, Bw. Kulwa Masanja, Bi. Rehema Magesa