Karatasi ya makubaliano: shapito, viti na sono za kumaliza matanga, Jumamosi 14 Novemba 2026

Lubumbashi, Jumanne 20 Oktoba 2026

Kwa Papa Ilunga, Beler, komini ya Kampemba

Papa Ilunga, jambo sana. Pole tena kwa ajili ya mzee.

Jana ulipotoka hapa kwetu Katuba tuliachana kwa mdomo tu, na kwenye shughuli ya matanga mimi sikubali mambo ya mdomo. Siku ile utakuwa na wajomba waliotoka Likasi, utakuwa na misa, utakuwa na chakula cha kugawa. Sitaki ikifika saa 2 usiku wewe na mimi tubishane juu ya kiti kilichovunjika, wageni wa marehemu wakitutazama. Basi bei, saa, na nani analipa kitu kikiharibika, vyote viko hapa. Soma pamoja na mdogo wako.

Uliomba shapito tatu. Leo asubuhi nimepita kupima parseli yenu kwa kamba, na tatu haziingii. Kati ya nyumba na ukuta pana nafasi ya shapito moja ya mita 6 kwa 12. Ya pili, ya kipimo hicho hicho, itasimama kwenye avenyu mbele ya lango. Viti vikipangwa kwa mistari, kila moja inakalisha watu 90, kwa hiyo wageni wako 180 wanatosha. Mkitaka kila mgeni awe na meza mbele yake, nusu yao watabaki juani, kwa hiyo nimeweka meza 10 tu: za familia, za padri na za chakula. Viti ni 200, kwa sababu wamama wa jikoni nao wanachoka.

Kwa ile shapito ya avenyu, karatasi ya ruhusa kutoka komini ni juu yako. Anza wiki hii, na umwone pia mkuu wa mtaa. Vijana wangu hawapigi chuma hata kimoja barabarani kabla sijaiona karatasi hiyo.

Hesabu ni hii. Shapito mbili dola 120, viti dola 60, meza dola 20. Sono dola 150: bafle mbili kubwa, moja ya besi, mikseri, mikro tatu, na fundi anayekaa nayo mpaka mwisho. Grupu ya umeme dola 40, usafiri wa kwenda na kurudi dola 30. Jumla dola 420. Esansi ya grupu unanunua wewe, lita 20, na iwepo Jumamosi saa 2 asubuhi. Usiseme SNEL ipo. Umeme ukishuka na kupanda katikati ya hotuba, mikseri ndiyo inayoungua, kwa hiyo sono yangu itakula kwenye grupu tangu mwanzo hadi mwisho.

Avansi ni nusu, dola 210, kabla ya Jumamosi 24 Oktoba jioni. Mpaka saa ile nakushikia tarehe. Ikipita, mtu mwingine akija na pesa mkononi nitampa. Nusu iliyobaki unalipa Ijumaa tarehe 13, kamyo ikifika langoni, kabla hatujashusha. Unaweza kulipa kwa M-Pesa au Airtel Money, au falanga kwa bei ya siku hiyo. Ukileta dola, angalia noti vizuri: iliyopasuka hata kidogo pembeni hakuna anayeipokea mjini, na mimi pia siipokei.

Dhamana ni kitu kingine, usiichanganye na avansi. Ni dola 80, unaileta Ijumaa pamoja na salio. Nitaiweka kwenye bahasha, tutaandika majina yetu juu yake wote wawili, na Jumapili tukimaliza kuhesabu unaichukua hapo hapo.

Saa zetu: shapito zinafika Ijumaa saa 8 mchana na zitakuwa zimesimama kabla ya saa 12 jioni. Kijana wangu mmoja atalala hapo. Mpeni chakula cha usiku. Viti na meza vinafika Jumamosi saa 1 asubuhi, sono saa 2, na saa 3 na nusu fundi awe amemaliza kujaribu mikro, ili mkitoka misani msikute watu wanapiga "moja, mbili, moja, mbili". Muziki unazimwa saa 4 usiku. Jumapili kuanzia saa 2 asubuhi tunakunja.

Nikichelewa mimi, ninakatwa: dola 20 kwa kila saa, kwa viti na kwa sono. Shapito zisiposimama Ijumaa mpaka saa 2 usiku, nakurudishia pesa yote, hata ile ya usafiri.

Sasa uharibifu. Kiti kilichovunjika au kupotea ni dola 12. Kila kiti changu kina alama ya rangi nyekundu chini, na tutavihesabu mara mbili, tukishusha na tukipakia, wewe au mdogo wako akiwa pale. Majirani huazima viti usiku bila kusema, kwa hiyo weka mtu mmoja langoni. Meza ni dola 25, mikro dola 40. Bafle ikiungua mkononi mwa fundi wangu, ni hasara yangu. Ikiungua kwa sababu mjomba amemsukuma fundi na kupandisha sauti mpaka taa nyekundu, matengenezo ni yako.

Mbabula zisiingie chini ya shapito wala karibu yake, mita 3 angalau. Cheche moja inatoboa turubai. Tundu linalofunikwa na kiganja ni dola 15 za kushona. Likizidi hapo ni kipande kizima, dola 110.

Mvua nayo ni ya Novemba, itakuja. Upepo ukiangusha shapito tuliyoifunga sisi, hulipi kitu. Lakini kamba zisiguswe. Mwaka jana, Desemba, kule Ruashi, familia moja ilifungua kamba mbili ili gari lipite, wakasahau kuzifunga. Udongo ulikuwa umelowa, vyuma vikatoka kama meno ya mtoto, na paa likamlalia mama mzee kwenye kiti chake. Hakuumia, namshukuru Mungu, lakini mpaka leo nikisikia radi naona mkono wake ukitoka chini ya turubai, bado umeshika rozari. Gari likitaka kupita, mwiteni kijana wangu.

Paa likianza kujaza maji, asukume yeye kwa mti wake mrefu, si watoto. Maji ya sentimita moja tu juu ya mita 10 za mraba ni kilo 100 juu ya vichwa vya watu.

Padri akisogeza tarehe, niambie kabla ya Jumatatu tarehe 9. Nikiwa na nafasi siku hiyo mpya, huongezi kitu. Mkiacha kabisa kabla ya tarehe 7, nabakiza dola 40 kwenye avansi na kukurudishia 170. Baada ya hapo avansi hairudi, maana nitakuwa nimekwisha kuwakataa wengine.

Nimeandika karatasi mbili. Tia sahihi kwenye zote, ubaki na moja, na ile nyingine mpe mdogo wako ailete pamoja na avansi. Avansi ikifika nitampa risiti yenye muhuri, asiondoke bila hiyo.

Ni mimi,
Mama Monga, Katuba