Rutini ya ngozi ya vitu vitatu tu, kwa mfuko mdogo

Rehema mdogo wangu, nimekuwekea yote sehemu moja usiwe unahangaika kutafuta kwenye meseji. Kwa ngozi yako ile, paji linang'aa mafuta kufika mchana, mashavu yanakaza ukishaoga, na vile vichunusi vya kidevuni vinavyoacha madoa, unahitaji sabuni ya uso iliyo laini, losheni ya uso na sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, basi. Tona, siramu, maski, skrabu achana navyo kwanza, sio kwamba vyote ni vibaya ila hela haipo na uso wako umeshajaribiwa vya kutosha.

Tuanze na usiku maana ndo kuosha kwenyewe. Nawa mikono kwanza, lowesha uso kwa maji ya kawaida au vuguvugu (sio ya moto), chukua sabuni kidogo saizi ya punje ya harage, sugua kwa ncha za vidole taratibu kama sekunde 30 hivi, usisahau kwenye mstari wa nywele na pembeni mwa pua, suuza, halafu futa kwa kugusagusa na taulo safi, usikwangue. Ukimaliza ukasikia ngozi inavuta hata ukicheka, ujue hiyo sabuni ni kali. Ndo maana nakukataza ile ya mche, pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, huwa 9 mpaka 10 wakati ngozi ya uso inakaa kwenye 5 hivi, kwa hiyo kila ukinawa unaivuruga. Ya bei rahisi isiyo na manukato inatosha kabisa, si inakaa usoni nusu dakika tu inaenda na maji, kwa nini uilipie hela nyingi?

Uso ukiwa bado una unyevunyevu paka losheni. Usisubiri ukauke. Kwenye lebo tafuta gliserini iwe juu juu kwenye orodha, ikiwa na seramaidi, yale mafuta yanayosaidia ngozi kushika unyevu, ni bonasi. Na usiogope losheni eti kwa sababu una mafuta, wewe chagua nyepesi ya majimaji iliyoandikwa haizibi vinyweleo, mashavuni ongeza kidogo, kwenye paji pitisha tu.

Asubuhi ni fupi. Nawa kwa maji matupu, ukiamka na mafuta mengi ndo utumie sabuni, kisha losheni kidogo, kisha sanskrini. Na kama sanskrini yako ni nzito ya krimu ruka losheni kabisa, hapo umeokoa chupa.

Sasa kwenye sanskrini naomba usinibishie. Najua utasema sisi weusi jua halituhusu, melanini, ile rangi ya ngozi yetu, inasaidia ndiyo lakini hayo madoa ya chunusi unayoyalalamikia jua ndo linayakoleza, sasa unaweza kuosha na kupaka usiku kucha halafu mchana unarudi nyuma. Chukua yenye SPF, kile kipimo cha kukinga jua, ya 30 au zaidi, inayosema inazuia miale ya jua ya aina zote mbili, UVA na UVB. Usijikamue kutafuta 50, maana 30 inazuia kama asilimia 97 ya UVB na 50 kama 98, tofauti yenyewe ndo hiyo. Kinachoharibu ni kupaka kiduchu. Kamulia mistari miwili, mmoja kwenye kidole cha shahada mmoja cha kati, toka chini mpaka ncha, hiyo ni ya uso na shingo. Ikikufanya mweupe kama umepaka unga, paka mstari mmoja, acha dakika moja, ndo umalizie wa pili. Dakika 15 kabla ya kutoka, na ukishinda juani rudia kila masaa mawili.

Ulisema mwezi huu hela inatosha vitu viwili, nunua losheni na sanskrini, usiku endelea na sabuni ya mtoto ya maji, sio ya mche, isiyo na harufu mpaka mwezi ujao. Usianze vyote siku moja lakini, jaribu kimoja nyuma ya sikio siku mbili tatu, kikiwa poa kipake usoni wiki nzima ndo ulete kingine, la sivyo ukiwashwa hutajua cha kulaumu.

Zile krimu za kuchanganywa zinazouzwa kwenye vikopo bila lebo, eti zinatoa madoa kwa wiki moja, hapana kabisa. Nyingi za namna hiyo zinakutwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi, ngozi inang'aa mwanzoni halafu inakuwa nyembamba na chunusi zinarudi kwa hasira.

Kukaza kwa mashavu kutapungua mapema, chunusi zipe wiki sita mpaka nane, madoa yanataka miezi. Usitumbue. Vikianza kuwa vinundu vikubwa vinavyouma kwa ndani hapo sio kazi ya losheni tena, nenda kwa daktari wa ngozi. Na ukifika dukani nipigie picha lebo ya nyuma, sio ya mbele, kabla hujalipa.