Mambo ambayo bima yako ya afya haiyalipi kabisa

Mama Somoe karibu, kabla hujaitia kadi mkobani soma hapa. Haya bima haiyalipi leo wala ukikaa nayo miaka kumi, siyo kama yale yanayolipwa ukishasubiri miezi. Kupunguza kitambi au kunyoosha pua ili upendeze tu, hapana, ila ukiungua mafuta ukikaanga pweza pale Feri na daktari akaandika sura irekebishwe, hiyo inalipwa. Pia hailipi kujiumiza makusudi, vita, tiba ya ulevi, dawa zisizothibitishwa, vitamini ulizojinunulia bila cheti cha daktari, na kuumia kwenye uhalifu, mfano mtu kavunjika mguu akiiba korosho ghalani (wapo!). Kuumia kwenye michezo ya hatari nako hailipi, ila bodaboda ya kwenda Mikindani siyo mchezo wa hatari, mashindano ya pikipiki ndiyo. Kulazwa ili upumzike tu nako utalipa mwenyewe.