Barua kwa Mama: Twende Likizo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ni miaka 9 sasa tangu tusafiri pamoja, nami nimepata likizo ya siku 5 kuanzia tarehe 10 Agosti, hivyo naomba tuitumie sisi wawili ufukweni. Nimechagua chumba cha chini chenye vitanda viwili, kwa kuwa najua goti lako halipatani na ngazi (ingawa utakana). Huko hatutakuwa na ratiba, ila matembezi mafupi jua linapopoa, na mchana utalala bila kuamshwa na mtu. Usisahau miwani ya kusomea, maana safari iliyopita uliiacha mezani, nikakusomea gazeti zima hadi matangazo ya vifo.

Naomba unijibu kabla ya mwisho wa mwezi, nipate kuthibitisha chumba.

Mwanao akupendaye