Barua kwa Wanafunzi: Kusakinisha VPN ya Chuo ili Kusoma Majarida ya Maktaba Mkiwa Nyumbani

Kitengo cha TEHAMA
Moshi
10 Machi 2025

Kwa wanafunzi wote

YAH: KUSAKINISHA VPN YA CHUO

Ndugu wanafunzi,

Likizo inaanza Jumatatu, 17 Machi, na wengi wenu wa mwaka wa mwisho mna tasnifu za kukamilisha. Ukiwa Himo, Rombo au Same, ukifungua makala ya JSTOR au ScienceDirect utaombwa ulipie, ingawa chuo kimeshalipia. Sababu ni kwamba wachapishaji wanatutambua kwa anwani ya IP ya chuo, na bando la simu yako lina anwani nyingine. VPN hukupitisha kwenye seva yetu, mchapishaji akakuona kama uko maktaba.

Nawaomba msakinishe kabla ya kuondoka, mkiwa bado kwenye waifai ya chuo.

Ingia kwenye tovuti ya wanafunzi, sehemu ya Maktaba, upakue mafaili mawili: `wanafunzi.ovpn` na `wanafunzi-443.ovpn`. Usichukue faili lililozungushwa kwenye kundi la WhatsApp. La muhula uliopita lina cheti kilichokwisha muda na halitaunganisha.

Kisha sakinisha OpenVPN Connect: Play Store kwa Android, App Store kwa aifoni, na openvpn.net kwa Windows au Mac. Kwenye simu, usiguse faili moja kwa moja, maana simu nyingi hazijui zilifungue kwa programu gani. Anza kwa kufungua OpenVPN Connect, gusa Upload File, kisha ulitafute faili kwenye folda ya Download. Jina la mtumiaji ni namba yako ya usajili kama ilivyo kwenye kitambulisho, pamoja na mikwaju yake. Neno la siri ni lile la tovuti ya wanafunzi. Gusa Connect, ruhusu simu inapouliza, na kwenye Android alama ya ufunguo itatokea juu ya kioo.

Wenye Ubuntu wafungue terminal kwenye folda yenye faili, watumie amri hizi:

```
sudo apt install openvpn
sudo openvpn --config wanafunzi.ovpn
```

Subiri maneno `Initialization Sequence Completed`, na usifunge dirisha hilo mpaka umalize kusoma.

Ikikataa, soma ujumbe ulioandikwa, kwa sababu kila mmoja una chanzo chake. `AUTH_FAILED` ni jina au neno la siri. Mara nyingi kosa ni dogo mno kuonekana: kibodi ya simu ikikujazia neno huongeza nafasi mwishoni, au hukuza herufi ya kwanza. Futa yote, uandike upya herufi kwa herufi.

`TLS key negotiation failed` maana yake seva haijafikiwa. Hakikisha kwanza kwamba bando halijaisha. Kama intaneti nyingine inafanya kazi, huenda mtandao uliopo unazuia UDP 1194, jambo la kawaida kwenye waifai za hoteli na ofisi. Hapo tumia `wanafunzi-443.ovpn`, linalopita TCP 443, mlango uleule wa tovuti za kawaida. Ni la polepole kidogo, hivyo lisiwe chaguo lako la kwanza.

Ukiona `certificate is not yet valid`, tazama tarehe ya kompyuta. Laptopu ya zamani ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa hurudi miaka mingi nyuma kila inapozimwa. Rekebisha tarehe, unganisha tena.

Kuna wanaounganishwa vizuri na bado makala haifunguki. Funga kivinjari chote kisha ukifungue upya, kwa kuwa tovuti ya jarida bado inakukumbuka kama mgeni. Msitumie Opera Mini kwa kazi hii: inapobana data hupitisha kurasa kwenye seva zake yenyewe, na anwani ya chuo haionekani.

VPN haipunguzi matumizi ya bando, huongeza kidogo. Pakua PDF unazohitaji, kisha ikate kabla ya kufungua YouTube. Na tafadhali sana, msitumie programu za kupakua toleo zima la jarida kwa mkupuo. Mchapishaji akiona hivyo huifunga anwani ya chuo, na wenzako wote wanakosa makala wiki ya kuwasilisha tasnifu.

Mmeuliza kuhusu tangazo la TCRA la Oktoba 2023 lililowataka watumiaji wa VPN kujisajili. Hii ya chuo imesajiliwa kwa jina la chuo. VPN za bure hazitawasaidia hata hivyo, kwani anwani zake si zetu.

Ukikwama, fungua tiketi kwenye tovuti ya wanafunzi. Ambatanisha picha ya ujumbe wa kosa, aina ya kifaa, na saa kamili uliyojaribu. Ile saa ndiyo tunayoitumia kukutafuta kwenye kumbukumbu za seva. Bila hiyo tunahangaika sana. Wenye laptopu za kurekebishwa waje chumba namba 6, ghorofa ya chini maktaba, hadi Ijumaa saa 9 alasiri.

Wenu katika kazi,

Afisa TEHAMA, Huduma za Mtandao