Utaratibu wa Kazi: Kubadilisha Chekecheke, Mashine ya Kusaga Namba 2

Kiwanda cha unga, Tororo. Nakala ya Kiswahili ya chumba cha mashine.

Inawahusu mwendesha mashine wa zamu na msaidizi wake. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja.

Namba za hatua ni zile zile za nakala ya Kiingereza iliyo ofisini. Fundi akisema kwenye simu "rudi hatua ya 6", wote mnarudi mahali pamoja. Kila onyo limewekwa juu ya hatua inayohusika. Lisome kabla mkono haujagusa kitu. Ukikuta nakala mbili hazikubaliani, simamisha kazi umwite msimamizi. Usichague mwenyewe.

Tumia utaratibu huu unapotoka kusaga chakula cha kuku (matundu ya milimita 3) kwenda posho (milimita 0.8), au chekecheke ikipasuka. Kubadilisha nyundo kuna utaratibu wake.

Vaa buti, miwani na barakoa. Glavu za ngozi ziwe karibu, utazihitaji hatua ya 9.

HATARI: Umeme ukikatika, mashine haijazimwa. Imesimama tu. Jenereta huwaka yenyewe, na rota ikizunguka haitangoja utoe mkono. Hata kama umeme umepotea tangu asubuhi, fanya hatua ya 3 hadi ya 5, kisha ngoja umeme urudi ndipo ufanye ya 6.

1. Funga mlango wa hopa, mahindi yasiingie tena.
2. Acha mashine izunguke tupu mpaka unga uache kutoka.
3. Bonyeza kitufe chekundu.
4. Shusha swichi kuu ya ukutani yenye kibao "Mashine 2".
5. Tia kufuli lako kwenye swichi, ufunguo mfukoni mwako. Msaidizi naye atie lake.
6. Bonyeza kitufe cha kijani. Mashine isiwake.

Ikiwaka, bonyeza chekundu, sogea mbali, mwite fundi umeme. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana usiku kwa sababu inaonekana kama mchezo: kuwasha kitu ulichokifunga. Lakini ndiyo pekee inayokuonyesha kwamba ulishusha swichi ya mashine hii na si ya jirani yake.

ONYO: Rota huendelea kuzunguka baada ya kuzimwa.

7. Tazama puli mpaka isimame kabisa. Usitegemee masikio, Mashine 1 ikiwa inasaga hutasikia kitu.
8. Fungua nati nne za mfuniko kwa spana ya 19.

ONYO: Kingo za chekecheke hukata. Vaa glavu sasa.

9. Vuta chekecheke ya zamani nje.

HATARI: Usipulize unga kwa hewa ya kompresa. Vumbi la unga likitanda hewani na kukutana na cheche, hulipuka. Hakuna sigara wala kuchomelea vyuma humu kazi ikiendelea.

10. Fagia ndani kwa brashi, unga uingie kwenye ndoo.
11. Futa sumaku ya hopa. Msumari au kipande cha waya ukikipata, mwonyeshe msimamizi.
12. Inua chekecheke mpya kwenye mwanga. Ikiwa na tundu lililopasuka, usiifunge.
13. Iweke, rudisha mfuniko, kaza nati zote nne.
14. Hesabu spana na brashi. Kisha kila mtu atoe kufuli lake.

Hakuna anayetoa kufuli la mwenzake, awe msimamizi au meneja. Mwenye kufuli akiwa ameenda nyumbani, anapigiwa simu arudi.

15. Pandisha swichi, washa, zungusha tupu kwa dakika 2. Ikitetemeka kuliko kawaida, zima.
16. Ukitoka kwenye chakula cha kuku, kilo 25 za kwanza zirudi kwenye chakula cha kuku. Mukene hubaki kwenye mabomba, na posho yenye harufu ya samaki hairudishiki dukani.

Chekecheke ya posho ikipasuka tena mapema, pima unyevu wa mahindi kabla ya kulaumu chuma. Kiwango cha Afrika Mashariki ni usizidi asilimia 13.5, mahindi mabichi huziba matundu na kuvimbisha chekecheke.

Akiumia mtu: kitufe chekundu kwanza, swichi kuu pili, halafu piga kelele. Usimvute mtu aliyenaswa mashine ikiwa inazunguka. Askari wa geti apige 999.

Orodha ya ukaguzi. Msaidizi anasoma kwa sauti, mwendesha mashine anaonyesha kwa kidole, ndipo tiki iwekwe. Jibu likiwa "hapana" hata mara moja, mashine haiwashwi.

☐ Tulijaribu kitufe cha kijani na mashine haikuwaka?
☐ Sumaku imefutwa?
☐ Chekecheke ni ya matundu yanayotakiwa na haijapasuka?
☐ Nati nne zimekazwa?
☐ Spana na brashi ziko nje?
☐ Kila mtu ametoa kufuli lake mwenyewe?

Wote wawili watie sahihi kwenye daftari la zamu, pamoja na saa. Karatasi hii ikilowa au kuchanika, chukua nyingine kwa msimamizi siku hiyo hiyo.